Sabuni Zilizorudi na Masika

Mwezi wa Mei, uwanja wetu wa Jambiani ukiwa tope tupu kwa mvua za masika, kijana wa daladala alinishushia boksi lililofungwa kamba ya nailoni. Sikuwa na haja ya kulifungua kujua kilichomo. Harufu ya karafuu ilinitangulia kunambia. Zilikuwa sabuni zangu za mwani, vipande 64, zimerudi kutoka duka moja la Mji Mkongwe nililolipelekea vipande 90 mwezi wa Januari kwa mali kauli, yaani unaacha mzigo, mwenye duka akiuza anakulipa, asipouza anakurudishia. Alinipigia simu jioni ile, kwa adabu kabisa. "Dada, wageni hakuna. Na sabuni zako zinanichukulia rafu."

Vipande 26 kwa miezi minne. Nilivipanga vile vilivyorudi juu ya jamvi nikaviangalia kimoja kimoja. Viboksi vya karatasi vilikuwa vimeingia madoa ya mafuta pembeni, lebo zimeanza kubanduka, na mchaichai niliouweka kwa ukarimu ulikuwa umeshapeperuka, imebaki karafuu peke yake. Vingine vilikuwa vimetoka jasho, vitone vidogo kama umande juu ya ngozi ya sabuni. Lile si tatizo la sabuni kuoza. Sabuni ya kuchanganya bila kupika ina gliserini ndani yake, na gliserini hunyonya unyevu wa hewani. Hewa yetu ya masika ndiyo hiyo unayoijua, hata chumvi mezani inageuka maji. Sabuni inafaa kuogea vilevile, ila mgeni hanunui kiboksi chenye doa.

Lililoniuma zaidi si zile 64. Ni kwamba nilipokaa kuhesabu, niligundua hata zile 26 zilizouzwa zilinitia hasara.

Bei yangu ya mwanzo niliipata hivi. Mafuta ya nazi niliyahesabu bure, kwa sababu minazi ni ya nyumbani, marehemu babu ndiye aliyeipanda. Mwani nao nikauhesabu kitu kidogo, kwa kuwa mama bado ana vigingi vyake pwani. Nikajumlisha kostiki soda, mafuta ya kunukia, viboksi na lebo, nikagawa kwa vipande 40 ninavyovipata katika mkupuo mmoja, ikaja kama shilingi 800. Dukani tukapanga 2,000, duka linachukua asilimia 30, mimi napata 1,400. Nikajiona nina faida ya 600 kila kipande na nikaanza kuota friji.

Aliyenizindua ni shangazi yangu wa Pemba, aliyekuja kwetu kwa harusi akakaa wiki mbili. Yeye ni msukaji wa mikoba ya ukili, na mikono yake haitulii. Hata anapokusikiliza anasuka. Nilimweleza hesabu yangu nikitaraji anionee huruma kwa kukosekana wageni. Akaniuliza, "Hizo nazi, usingetia kwenye sabuni ungezifanya nini?" Nikasema ningeziuza. "Basi umezinunua," akasema. "Umejinunulia mwenyewe na hukujilipa." Kisha akanyanyua mkoba aliokuwa akiusuka. "Na huu, nikimaliza nikautundika msumarini miezi mitatu, msumari unanidai kodi. Wewe msumari wako umeulipa nini?"

Lile suala la msumari sikulielewa siku ile. La nazi nililielewa pale pale, na ndilo nililoanza nalo.

Mkupuo wangu mmoja unatumia kilo 3 za mafuta ya nazi. Nasema kilo, si lita, na hapa wengi wanajikwaa. Mafuta ya nazi ni mepesi kuliko maji, lita moja haifiki kilo, ni kama gramu 920. Ukinunua kwa lita na ukapima soda kwa kilo bila kuligeuza hilo, utakuwa umetia soda nyingi kuliko mafuta, na sabuni itakuwasha. Kilo 3 ni kama lita 3 na robo. Kwa nazi zetu, lita moja inataka nazi 12 mpaka 15, kwa hiyo mkupuo mmoja unakula nazi arobaini na kitu. Kwa bei ya kijijini kwetu wakati ule, 600 kwa nazi, hizo ni karibu shilingi 26,000 nilizokuwa naziita bure. Na bado sijaketi juu ya mbuzi kukuna, sijakamua tui, sijachochea jikoni nusu siku. Dukani kilo ya mafuta yaliyokwisha kukamuliwa niliipata kwa 9,000, jumla 27,000. Yaani kwa tofauti ya elfu moja nilikuwa najiuzia siku nzima ya kazi. Tangu hapo nauza nazi, nanunua mafuta. Mama alinuna kidogo kwa kuwa yake yananukia vizuri zaidi, na ni kweli yananukia, ila ndani ya soda harufu ile haibaki.

Soda inayohitajika kwa mafuta hayo ni gramu 505. Mafuta ya nazi yanataka gramu 183 za soda kwa kila kilo ili yageuke sabuni yote, na mimi napunguza asilimia 8 ili yabaki mafuta kidogo ya kulainisha ngozi, maana sabuni ya nazi tupu inakausha. Hiyo ni kama shilingi 3,000. Mafuta ya kunukia, mchaichai na karafuu, gramu 60, ni 12,000, na ndiyo yanayoumiza mfuko baada ya nazi. Unga wa mwani 500, maji safi ya chupa 1,000, glavu na vitu vidogo vidogo 1,500. Nauli ya kwenda Darajani kununua naigawa kwa mikupuo miwili, inaangukia 2,500. Jumla 47,500.

Sasa gawa kwa vipande vingapi? Nilikuwa nagawa kwa 40, kwa sababu kisu kinakata 40. Lakini vipande viwili vya pembeni huwa havina umbo, vinaishia bafuni kwetu. Vya kuuza ni 38. Kila kipande, malighafi ni 1,250.

Niseme na jambo la uzito, kwa kuwa linagusa bei. Kipande kinapokatwa kina gramu 115. Kikikaa kwenye rafu ya waya wiki tano kukomaa, maji yanatoka, kinabaki kama gramu 103. Lebo zangu za mwanzo ziliandikwa 115. Mteja mmoja wa hoteli alikuwa na mizani jikoni. Sitaki kulikumbuka.

Muda niliupima kwa saa ya simu, na nyumbani walinicheka. Nikianza kupima viungo nabonyeza, nikimaliza kumimina kwenye kasha la mbao nabonyeza tena. Kupima na kuchanganya, saa moja na dakika 20, na hapo sijaharakisha, maana soda inatiwa kwenye maji kidogo kidogo na inasubiriwa ipoe. Maji hayamiminwi juu ya soda, yataruka usoni. Kuosha vyombo dakika 40. Kukata na kusawazisha dakika 50. Kugeuza vipande wakati vinakomaa, ukijumlisha siku zote, nusu saa. Kufunga na kubandika lebo, saa moja na dakika 40, na hii ndiyo iliyonishangaza. Mimi nilidhani kufunga ni kazi ya kupiga soga. Jumla saa tano kamili. Zile wiki tano za kukomaa sizihesabu kazi, sabuni inajikomalia yenyewe.

Saa moja ni shilingi ngapi? Hapa kila mtu ana jibu lake. Mimi kabla ya sabuni nilikuwa nashona, na nilipochukua kanzu na magauni ya mwezi mmoja nikagawa kwa saa nilizokaa kwenye cherehani, ilikuja kama 2,500. Basi nikaichukua hiyo, kwa sababu ndiyo pesa ninayoiacha kila nikishika sufuria ya sabuni. Saa tano ni 12,500, kwa kipande ni 330. Kiboksi, lebo na uzi wa ukili wa kufungia ni 420. Plastiki niliiacha mapema, inafungia jasho la sabuni ndani, karatasi inapumua.

1,250 na 330 na 420. Kipande kimoja kinanigharimu 2,000 kabla hakijatoka mlangoni. Na dukani nilikuwa nalipwa 1,400. Ile 600 niliyoihesabu faida, kumbe ndiyo niliyokuwa nampa mgeni mkononi pamoja na sabuni.

Mtu angeishia hapa, aongeze faida yake juu, aandike bei. Mimi pia nilitaka kuishia hapa. Lakini boksi la sabuni 64 lilikuwa bado liko chini ya kitanda, na lile neno la msumari lilikuwa bado linanizunguka.

Nilichukua daftari nikaanza kuandika tarehe. Chini ya kila kiboksi naandika kwa penseli siku sabuni ilipokatwa, na daftarini naandika siku kilipouzwa na kwa bei gani. Nilifuata mikupuo minne, miwili ya miezi ya wageni, Julai na Disemba, na miwili iliyoangukia masika. Nasisitiza kuchanganya, kwa sababu ningehesabu mkupuo wa Julai peke yake ningejidanganya vizuri sana: katika vipande 38, 36 viliondoka wiki sita. Wa Aprili ulikuwa kilio. Nilipochukua wastani wa yote minne, kwa miezi minne tangu kukatwa, katika vipande 38, 30 viliuzwa kwa bei kamili. Vinne viliuzwa nusu bei, kwa sababu kiboksi kimeharibika au harufu imepungua. Vinne havikuniletea hata senti. Viwili niliwapa wenye hoteli wajaribu, viwili viliharibika ufungaji nikavitumia nyumbani.

Vinne vya nusu bei ni sawa na viwili vya bei kamili. Kwa hiyo mkupuo wa vipande 38 unanilipa kama vipande 32. Hao 32 ndio wanaobeba gharama za wenzao wote. Gharama ya mkupuo ni 38 mara 2,000, yaani 76,000. Ukigawa kwa 32 inakuja 2,375. Ile 375 iliyozidi ndiyo kodi ya msumari. Shangazi alikuwa anajua kitambo, bila daftari.

Kuna na hasara nyingine ya mzigo kulala ambayo haionekani kwenye hesabu hiyo. Pesa yangu ikilala rafuni, sina ya kununua mafuta kwa dumu la lita 20, ambako lita inashuka bei. Narudi kununua kilo tatu tatu, kwa bei ya juu. Ndiyo maana kwenye hesabu naweka bei ya rejareja hata nikibahatika kununua dumu. Nikipata nafuu ni yangu, nisipopata sijaumia.

Bei ya mkononi, ninayotaka inifikie mimi, nikaipanga 3,000. Vipande 32 kwa 3,000 ni 96,000. Nikitoa 76,000 inabaki 20,000 ya mkupuo, juu ya ujira wangu wa saa tano ambao umeshalipwa ndani. Si utajiri. Inanunua blenda ya mkono ile iliyopo ikiungua, na huwa zinaungua.

Halafu nikafanya kosa jipya, la dukani. Nilijua duka linachukua asilimia 30, nikaongeza asilimia 30 juu ya 3,000, nikaandika 3,900. Mwisho wa mwezi nikalipwa 2,730 kwa kipande. Nikampigia mwenye duka nikidhani amekosea, akanieleza taratibu kama anamweleza mtoto: yeye anakata 30 katika bei ya rafuni, si katika bei yangu. Bei ya rafuni ni kubwa, na asilimia 30 ya kitu kikubwa ni kubwa. Nikitaka 3,000 mkononi, hiyo ni 70 katika kila 100 ya bei ya rafuni, basi nagawa 3,000 kwa 0.7. Inakuja 4,286. Tukaandika 4,500, na mimi napata 3,150. Nilimwomba radhi, tukacheka, lakini mwezi ule 270 katika kila kipande ilikuwa imeshakwenda.

Bei mpya ilinigombanisha kwa upande mwingine. Mezani kwangu pale njiani karibu na pwani nilikuwa nauza 3,000, kwa kuwa hakuna kamisheni. Mgeni mmoja aliyenunua mjini kwa 4,500 akapita Jambiani akaona, akarudi kumlalamikia mwenye duka. Mwenye duka akawa na haki. Nikapandisha meza yangu ikawa 4,500 vilevile, na ile ziada naihesabu kuwa ujira wa kukaa mezani, kwa sababu kukaa mezani nako kuna saa zake, tena za jua kali.

Majirani wakasema nimelewa. "Sabuni elfu nne na mia tano, ya kumwosha nani?" Na kweli, hawakununua tena. Hapo ndipo nilipoona kwamba kodi ya msumari si ya kila sabuni. Jirani anakuja na ndoo yake, ananunua leo, anaogea leo. Hahitaji kiboksi, wala lebo, na sabuni yake hailali. Sasa katika kila mkupuo natenga vipande kumi bila kiboksi, ambavyo gharama yake ni 1,580, nauza 2,000 mlangoni. Faida ni ndogo, lakini pesa inarudi wiki ile ile, na mara mbili tayari ndiyo iliyoninunulia soda wakati duka halijalipa. Vya wageni vinabeba kodi yao wenyewe.

Ile 375 nayo nilijifunza kutoigusa. Mwaka wa kwanza niliihesabu faida nikainunulia vitu vya Idi. Julai sabuni karibu zote zinaondoka, hasara ni vipande viwili tu, kwa hiyo mkononi unaona pesa nyingi na unajiona hodari. Ile ni pesa ya Aprili imekuja mapema. Sasa ina kopo lake la maziwa ya unga, na kopo limetobolewa juu tu.

Hesabu yenyewe naifanya upya kila ninapoona mafuta yamepanda, na sabuni za karafuu nyingi nimeziacha. Karafuu ikizidi, mchanganyiko unaganda ghafla kwenye sufuria kabla hujaumimina, nimetupa mkupuo mzima hivyo, 47,500 zikiwa zimeshikana na mwiko. Upotevu wa namna hiyo nao nauandika daftarini, ukurasa wa nyuma. Mpaka sasa ni mkupuo mmoja katika ishirini na kitu, bado sijauingiza kwenye bei. Ukiwa wa pili utaingia.

Mwaka huu mwenye duka alinipigia mwezi wa Machi, mawingu yameshaanza kukusanyika upande wa bahari. Alitaka vipande 80. Nilifungua daftari nikaangalia Aprili mbili zilizopita.

"Nitakuletea 24," nikamwambia.

"Mbona kidogo hivyo, dada?"

"Hizo ndizo ulizoniuzia."

Akanyamaza kidogo, nikasikia kurasa zikipinduliwa upande wake pia.